Mtoto Asiyeongezeka Uzito: Yanayoonekana Nyumbani, Yanayosomwa Kwenye Kadi na Wakati wa Kumwona Mtaalamu wa Afya

Mtoto anayekua polepole mara nyingi hatambuliki kwa macho. Huendelea kunyonya, kucheka na kucheza huku uzito wake ukiwa umesimama kwa miezi miwili au mitatu, na mzazi anayeishi naye kila siku haoni tofauti yoyote. Inapofika wakati mbavu zinahesabika na nguo zimelegea, mwili wa mtoto umekwisha kupoteza mengi. Ndiyo maana watoto hupimwa uzito kila mwezi hadi wanapotimiza miaka miwili, na baada ya hapo kila miezi mitatu hadi wanapotimiza miaka mitano.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na uliokuwa Mkoa wa Shinyanga, na wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Hapa familia nyingi huishi kwa kilimo na ufugaji, na miezi ya Januari hadi Machi ni ya palizi ya pamba na mahindi, ambapo mama hushinda shambani na mtoto mdogo huachwa nyumbani na ndugu zake au bibi. Kwa mtoto aliyezaliwa katikati ya mwaka, miezi hiyo ndiyo ileile anayotimiza umri wa miezi sita na kuanza kula chakula cha nyongeza. Uzito wa watoto wengi husimama katika kipindi hicho, na mara nyingi chanzo chake hurekebishika kikiwahiwa.

Kitaifa, utafiti wa hali ya afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana udumavu, yaani kimo kisicholingana na umri, ikilinganishwa na asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Udumavu huanza kidogo kidogo ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na dalili yake ya awali mara nyingi huwa ipo kwenye kadi ya kliniki kabla haijaonekana kwa mtoto mwenyewe.

Mstari wa kadi na maana yake

Kila mtoto anapopimwa, uzito wake huandikwa kwenye kadi, kisha huwekwa alama kwenye chati mahali ambapo umri na uzito vinakutana. Alama za miezi tofauti zikiunganishwa hufanya mstari. Chatini kuna pia mistari iliyochapwa tayari: mmoja unaonesha wastani wa watoto wenye afya wa umri huo, na mingine chini yake inaonesha mipaka ya uzito pungufu na uzito pungufu mkali.

Wazazi wengi huuliza swali moja tu wanapotoka kwenye mzani: je, kilo zinatosha? Swali hilo lina nafasi yake, lakini lililo bora zaidi ni kama mstari wa mtoto unapanda sambamba na mistari iliyochapwa. Mtoto mwenye wazazi wafupi, au aliyezaliwa na uzito mdogo, anaweza kuwa chini ya wastani tangu mwanzo na bado akawa na afya njema, mradi mstari wake unapanda kwa mwinuko uleule wa mstari ulio karibu naye. Kwa upande mwingine, mtoto aliyekuwa juu ya wastani na sasa mstari wake umelala anahitaji kuchunguzwa, hata kama uzito wake bado uko mbali na mpaka wa chini.

Kasi ya kawaida hupungua kadiri mtoto anavyokua, na mzazi akiifahamu hatashtuka bila sababu. Mtoto mchanga hupoteza uzito kidogo katika siku za mwanzo, kisha hutakiwa kuurudia uzito wa kuzaliwa anapotimiza wiki mbili. Uzito huo huongezeka maradufu kati ya miezi minne na sita, na hufikia karibu mara tatu anapotimiza mwaka. Kati ya miezi sita na tisa ongezeko la kawaida ni takriban gramu 300 kwa mwezi. Kati ya miezi tisa na kumi na miwili ni kama gramu 200 hadi 250. Na katika mwaka wa pili ni karibu gramu 200 kwa mwezi. Hizi ni wastani, na mwezi mmoja wenye ongezeko dogo kufuatia homa au mafua si jambo la kushangaza. Kinachohitaji hatua ni mstari uliolala kwa miezi miwili mfululizo, au ulioshuka kwa namna yoyote.

Mzani nao unaweza kudanganya. Mtoto aliyepimwa akiwa na nguo nzito mwezi uliopita na akiwa mtupu mwezi huu ataonekana amepungua. Mzani wa kuning'inia ambao haukurudishwa kwenye sifuri kabla ya kumweka mtoto utatoa kipimo kisicho sahihi. Mzazi ana haki ya kuona mshale ukiwa sifuri, kumvua mtoto nguo, na kuomba kipimo kirudiwe kinapokuwa tofauti sana na cha mwezi uliopita. Vilevile anaweza kuomba alama iwekwe kwenye chati na kuoneshwa mstari, kwa sababu namba iliyoandikwa bila kuchorwa haioneshi mwelekeo.

Mfano wa mtoto wa kike wa miezi tisa

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonesha namna kadi inavyosomwa. Mtoto wa kike alizaliwa mwezi Julai katika kijiji kimoja mkoani Simiyu akiwa na kilo 3.1. Mama yake alimnyonyesha maziwa yake pekee kwa miezi sita. Alipopelekwa kupata chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 alikuwa na kilo 4.5, kilo 5.3 na kilo 6.0. Alipotimiza miezi sita, mwezi Januari, alikuwa na kilo 7.2, karibu kabisa na wastani wa watoto wa kike wa umri huo ambao ni kilo 7.3. Hadi hapo mstari wake ulipanda vizuri.

Februari alikuwa na kilo 7.3. Machi alibaki na kilo 7.3. Aprili, alipopelekwa kupata chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa, alikuwa na kilo 7.2. Mpaka wa chini wa uzito wa mtoto wa kike wa miezi tisa ni kilo 6.5, kwa hiyo bado alikuwa juu yake. Alipopimwa mzingo wa mkono kwa utepe wa rangi alikuwa na sentimita 13.2, ambazo ziko katika rangi ya kijani. Kwa vipimo hivyo viwili pekee, mtoto huyu angehesabiwa kuwa hana tatizo na angerudishwa nyumbani.

Mstari wake ulionesha habari nyingine. Katika miezi mitatu ambayo alitakiwa kuongeza karibu gramu 900, hakuongeza kitu. Januari alikuwa karibu na wastani, na Aprili alikuwa kilo nzima chini ya wastani wa umri wake ambao ni kilo 8.2. Kwa mwendo huo, ndani ya miezi michache angeufikia mpaka wa uzito pungufu, na hapo matibabu yangekuwa marefu zaidi.

Muuguzi aliyeuona mstari huo alimwuliza mama mtoto anakula nini, mara ngapi, nani anamlisha, na kama ameugua. Ilibainika kuwa tangu palizi ianze mama alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi alasiri. Mtoto aliachwa na dada yake mwenye umri wa miaka minane, ambaye alimpa uji mwepesi wa mahindi asubuhi na mchana. Alinyonya alfajiri, jioni na usiku. Aliharisha mara mbili, Februari na Machi, na katika siku hizo alipewa uji mwepesi zaidi kwa imani kwamba tumbo lingepumzika.

Hakukuwa na ugonjwa uliojificha. Kilichokosekana ni chakula chenye nguvu, idadi ya milo na chakula cha ziada baada ya kuugua. Familia ilikubaliana kwamba bibi ndiye atakayemlisha mchana, kwamba uji utakuwa mzito na utachanganywa na unga wa karanga au dagaa waliosagwa, na kwamba mama atamnyonyesha kabla ya kuondoka na mara tu anaporudi. Mtoto alirudishwa kliniki baada ya wiki mbili ili kuona kama mabadiliko hayo yamefanyika, kisha akaendelea na vipimo vya kila mwezi. Mei alikuwa na kilo 7.5, Juni kilo 7.9, na Julai, alipotimiza mwaka mmoja, kilo 8.2. Bado alikuwa chini ya wastani, lakini mstari ulikuwa umeanza kupanda tena.

Uji unaoshibisha bila kukuza

Mfano huo unagusa chanzo kinachojirudia katika nyumba nyingi. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, na mlo mmoja anaoweza kuumaliza haujazi kikombe cha chai. Uji mwepesi huwa na maji mengi na unga kidogo, kwa hiyo mtoto hushiba maji kabla hajapata nguvu anayoihitaji. Kipimo rahisi ni kijiko: uji wa mtoto unapochotwa na kijiko kuinamishwa, unatakiwa kubaki kijikoni au kudondoka polepole. Ukimwagika kama maziwa, ni mwepesi mno.

Tatizo ni kwamba uji mzito humlemea mtoto mdogo kuumeza. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilishiriki katika miaka ya 1980 kuonesha suluhisho linalotumia kitu ambacho kaya za wakulima wa mtama zinakifahamu, yaani kimea. Mtama au ulezi ulioloweshwa, ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa una kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kimea kikikorogwa katika uji mzito wa mlo mmoja ambao umeipuliwa na kupoa kidogo, uji hulainika ndani ya dakika chache na kumezeka kwa urahisi, ilhali unga wote ubaki humo. Kimea kikitiwa katika uji unaochemka hakifanyi kazi, kwa sababu moto mkali huharibu kimeng'enya. Baada ya kulainika, uji hurudishwa jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu. Wakati wa kuandaa kimea cha mtama, vimizizi na machipukizi huondolewa kabla ya kusaga kwa kuwa yana sumu, na nafaka iliyoota ukungu hutupwa.

Unga wa nafaka peke yake, hata ukiwa mzito, haumkuzi mtoto ipasavyo. Simiyu ina vyakula vya kuuongezea: choroko, dengu na kunde zilizopikwa zikapondwa, karanga zilizosagwa, dagaa wa Ziwa Victoria waliokaushwa na kusagwa, maziwa, mayai, mboga za majani, na viazi lishe vyenye rangi ya chungwa. Michembe na matobolwa, ambavyo ni viazi vitamu vilivyokaushwa, vina wanga wa kutosha lakini vinahitaji kuambatana na karanga, maharage au dagaa. Kijiko cha mafuta au siagi katika uji huongeza nguvu bila kuongeza wingi wa chakula. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji milo miwili hadi mitatu kwa siku pamoja na kunyonya. Wa miezi 9 hadi 23 anahitaji milo mitatu hadi minne, na kitu kidogo kati ya milo.

Anapougua, mtoto hunyonyeshwa zaidi na hupewa chakula kidogo kidogo mara nyingi. Akipona, hupewa mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili ili afidie uzito uliopotea. Bila fidia hiyo, ugonjwa unaofuata humkuta akiwa bado hajarudi alipokuwa, na mstari wake hushuka hatua kwa hatua.

Watoto walio chini ya miezi sita

Kwa mtoto anayenyonya tu, mzazi huangalia kunyonya kwenyewe. Mtoto mchanga hutakiwa kunyonya angalau mara nane kwa siku, usiku na mchana. Baada ya wiki ya kwanza anatakiwa kukojoa angalau mara sita kwa siku, na mkojo usiwe na rangi iliyokolea. Sauti ya kumeza inapaswa kusikika, na titi lilegee baada ya kunyonya.

Mtoto ambaye hajarudia uzito wa kuzaliwa baada ya wiki mbili, au ambaye haongezeki kabisa ndani ya mwezi mmoja katika umri huu, anatakiwa kuonwa na mtaalamu bila kungoja kipimo kinachofuata. Mara nyingi tatizo huwa ni namna titi linavyoshikwa, mtoto kupewa maji au uji mapema, utando mweupe mdomoni, au mama mwenyewe kuugua. Kuna dalili moja isiyopaswa kupuuzwa: mtoto anayeanza kunyonya kwa hamu, kisha akatoka jasho kichwani, akahema haraka na kuliachia titi kwa uchovu. Huenda ana tatizo la moyo, na anahitaji kuchunguzwa hospitali.

Uzito usiosema ukweli wote

Zipo hali mbili ambapo mzani pekee hautoshi. Ya kwanza ni uvimbe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kujaa maji mwilini, uzito wake ukabaki palepale au hata ukapanda, na jamaa wakamsifu kuwa amenenepa. Mzazi anaweza kumpima kwa kubonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde tatu. Shimo likibaki baada ya kuinua kidole, katika miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali na mtoto anapelekwa kituoni siku hiyohiyo. Nywele zinazobadilika rangi kuwa nyekundu na kunyofoka kwa urahisi, ngozi inayobanduka, na mtoto kuwa mnyonge asiyetaka kuguswa, huambatana na hali hiyo.

Ya pili ni udumavu. Mtoto anaweza kuonekana mviringo na mwenye afya, uzito wake ukilingana na urefu wake, lakini akawa mfupi kuliko umri wake. Kimo hupimwa kwa ubao maalumu, mtoto akiwa amelala kama hajafikisha miaka miwili, na akiwa amesimama baada ya umri huo. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa karibu sentimita 50 na hufikia takriban sentimita 75 anapotimiza mwaka. Mzazi anayeona kuwa mtoto wake anapitwa kimo na wadogo zake anapaswa kuomba apimwe urefu, kwa kuwa kipimo hicho hurukwa mara nyingi kuliko uzito.

Utepe wa rangi unaotumiwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii hupima mzingo wa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa kadiri, na 12.5 kuendelea ni kijani. Utepe huu unafaa sana kuwabaini watoto walio hatarini sasa. Hauwezi kumbaini mtoto ambaye ndiyo kwanza anaanza kudorora, kama mfano wa hapo juu ulivyoonesha.

Chakula kinapotosha na uzito usiongezeke

Endapo familia imerekebisha ulishaji kwa mwezi mmoja na mstari bado umelala, ni wakati wa kutafuta ugonjwa. Mtaalamu ataanza na yaliyo ya kawaida: malaria, upungufu wa damu, maambukizi ya njia ya mkojo, minyoo, na kuharisha kwa zaidi ya siku kumi na nne. Ataangalia kama mtoto amepata matone ya vitamini A, ambayo hutolewa kila miezi sita kuanzia umri wa miezi sita, na dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja.

Hatua inayofuata ni magonjwa ya muda mrefu. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, homa zinazorudi, au mtu mzima mwenye kikohozi kirefu ndani ya nyumba huelekeza kwenye kifua kikuu, ambacho kwa mtoto mdogo kinaweza kuonekana kwa kutokuongezeka uzito tu. Kipimo cha Virusi vya UKIMWI hufanywa pia, hata kama mama alipimwa wakati wa ujauzito na kukutwa hana maambukizi, kwa kuwa mama anaweza kuambukizwa baadaye akiwa ananyonyesha.

Kanda ya Ziwa ina watu wengi wanaobeba vinasaba vya selimundu. Mtoto mwenye ugonjwa huo huonekana sawa anapozaliwa. Dalili huanza baada ya miezi kadhaa. Huwa na upungufu wa damu unaojirudia, macho ya njano, na uvimbe wa viganja au nyayo wenye maumivu makali, tofauti na uvimbe wa utapiamlo usiouma. Mzazi aliyempoteza mtoto mwingine kwa upungufu wa damu anapaswa kulisema hilo kwa mtaalamu, kwani ni taarifa inayoweza kufupisha safari ya uchunguzi.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Mtoto hupelekwa kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku, endapo hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hazinduki, anapumua kwa shida, au amevimba miguu yote miwili. Mtoto aliyekonda mwenye mojawapo ya dalili hizo anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache. Njiani anapaswa kufunikwa vizuri kwa sababu mwili wake hupoteza joto haraka, na aendelee kunyonya kama anaweza.

Ndani ya siku moja au mbili, mtoto anapaswa kuonwa ikiwa utepe umeonesha nyekundu, ikiwa amepungua uzito kati ya vipimo viwili, ikiwa amekataa chakula kwa siku kadhaa, au ikiwa amepoteza uwezo aliokuwa nao, kama kukaa au kutambaa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ambaye bado ana hamu ya kula na hana tatizo jingine huweza kutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa, akirudi kituoni kila wiki. Aliyekosa hamu ya kula au mwenye ugonjwa mwingine hulazwa, na vituo vya chini humpeleka hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Bariadi.

Ndani ya wiki hiyohiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki, anapaswa kuonwa mtoto ambaye mstari wake umelala kwa miezi miwili, ambaye utepe umeonesha njano, au ambaye kimo chake kinaonekana kubaki nyuma.

Taarifa za kumpa mtaalamu

Kadi ya kliniki ndiyo ya kwanza kubebwa. Baada ya hapo, kinachomsaidia mtaalamu zaidi ni maelezo ya siku moja iliyopita tangu alfajiri hadi usiku: mtoto alikula nini, kiasi gani, mara ngapi, nani alimlisha na alinyonya mara ngapi. Maelezo kwamba "anakula vizuri" hayampi mtaalamu pa kuanzia. Inafaa pia kutaja magonjwa ya miezi mitatu iliyopita, dawa zilizotumika zikiwemo za asili, uzito wa kuzaliwa, na kama mama ana ujauzito mwingine. Anayeshinda na mtoto, awe bibi au dada, afuatane na mama inapowezekana, kwani yeye ndiye anayejua kilichobaki kwenye bakuli.

Kuna jambo linalofanya baadhi ya wazazi wachelewe. Katika jamii nyingi nchini, mtoto anayekonda husemwa kuwa amebemendwa, kwa maana kwamba mwenendo wa wazazi ndio uliomdhoofisha. Mama anayehofia maneno hayo humficha mtoto ndani na kuacha kumpeleka kwenye mzani mbele ya majirani. Wapo pia wanaodhani mtoto ana meno ya plastiki na kuruhusu ufizi wake ukatwe, jambo linaloleta maumivu, kutoka damu na maambukizi, na kumfanya ashindwe kunyonya. Mtoto anayesemwa kubemendwa huwa ana njaa, ugonjwa, au vyote viwili, na vyote hivyo hupimwa na kutibiwa. Mzazi anayeona aibu kulizungumza mbele ya watu anaweza kuomba kuzungumza na mtaalamu faraghani.

Pengo kubwa zaidi la vipimo hutokea baada ya chanjo ya miezi tisa. Chanjo ya surua na rubela inayofuata hutolewa katika miezi kumi na minane, na kwa kuwa katikati hakuna sindano, familia nyingi huacha kwenda kliniki. Katika miezi hiyo tisa mtoto huanza kutembea, hupunguza kunyonya, huokota kila kitu na kukiweka mdomoni, na huugua mara kwa mara. Vipimo vya mzani vya miezi hiyo hufanyika pia katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayoadhimishwa kila robo mwaka, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kumpima mtoto kwa utepe akiwa nyumbani wakati familia iko katika kazi za shamba.